Karma na kuzaliwa upya katika fikra za Kihindu na Kibuddha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa kwa mwanafunzi anayeandika insha ya muhula. Hayagusi kila kipengele cha dini hizi mbili. Yanafuata swali moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalozitenganisha kweli: ikiwa tendo lina matunda, na matunda hayo yanaweza kuiva baada ya mtendaji kufa, ni nani hasa anayeyala?

Je, Wahindu na Wabuddha wanapotamka neno karma wanamaanisha kitu kimoja?

Wanaanzia mahali pamoja, kisha wanaachana. Karma kwa Kisanskriti ni tendo, na katika maandiko ya kale ya Veda tendo lenye uzito kuliko yote lilikuwa ibada ya sadaka iliyotekelezwa bila kukosea. Katika Upanishadi, maandiko ya kifalsafa yanayohitimisha Veda, maana hiyo inapanuka na kujumuisha mwenendo mzima wa mtu: anayotamani, anayoazimia na anayotenda. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya fikra za Kihindu tendo halikuacha kuhusishwa na wajibu, yaani dharma, na wajibu wenyewe hutegemea mtu ni nani, ana umri gani na yuko katika hali gani ya maisha.

Buddha aliliweka jambo kwa namna nyingine. Katika Anguttara Nikaya 6.63, mmoja wa mikusanyo ya hotuba zake, anasema kwamba nia, chetana, ndiyo anayoiita karma, kwa sababu mtu akishakusudia ndipo hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Hapa nia haichukuliwi kama kichocheo tu cha tendo, bali ndiyo kiini chake. Anayemkanyaga mdudu gizani bila kujua hajatenda karma ya kuua, ilhali anayepanga kuua na kukwamishwa na mlango uliofungwa tayari ana karma ya mawazo, ingawa haina uzito wa mauaji yaliyotimia. Msimamo huu ulikuwa jibu kwa Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India ya kale, ambao waliipa karma ya mwili uzito mkubwa zaidi. Mjadala huo umehifadhiwa katika mkusanyo mwingine wa hotuba zake, Majjhima Nikaya 56, ambako tajiri Upali anakwenda kumshinda Buddha kwa hoja na kuishia kuwa mfuasi wake.

Usiandike, basi, kwamba Wahindu wanajali matendo ya nje na Wabuddha wanajali nia. Bhagavad Gita, andiko maarufu la Kihindu, nalo linaipa nia nafasi kubwa. Katika beti ya 2.47 mungu Krishna anamwambia Arjuna, mpiganaji anayesita kupigana, kwamba haki yake iko katika kutenda na si katika matunda ya tendo. Tofauti ni kwamba katika Gita tendo lenyewe linabaki kuwa wajibu wa mpiganaji, na Arjuna lazima aingie vitani. Kinachobadilika ni namna anavyoufungamanisha moyo wake na matokeo.

Nitumie maneno gani ya Kiswahili bila kupotosha maana?

Swali hili ni la lazima, kwa sababu alama nyingi hupotea hapa. Maneno kudura, majaliwa na ajali yaachwe kabisa, kwa kuwa yote yanaelekeza kwenye uamuzi wa Mwenyezi Mungu au bahati iliyokwisha kuandikwa, hali karma ni matokeo ya matendo ya kiumbe mwenyewe. Buddha alipingana waziwazi na Makkhali Gosala, mwalimu wa Waajivika, aliyefundisha kwamba kila kitu kimeshapangwa na jitihada ya mtu haibadilishi chochote.

Tahadhari nyingine inahusu neno roho. Katika sehemu ya Kihindu unaweza kuandika nafsi au atman, yaani kiini cha ndani kabisa cha mtu, mradi umeeleza mara moja kwamba atman si pumzi ya uhai wala tabia ya mtu. Katika sehemu ya Kibuddha usiandike kamwe kwamba roho inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, kwani hilo ndilo fundisho ambalo Buddha alilikanusha. Andika kuzaliwa upya, ambalo halisemi lolote kuhusu anayezaliwa. Wapo wanaoandika kuzaliwa mara ya pili, lakini msomaji wa Kiswahili atakumbuka Injili ya Yohana na mazungumzo na Nikodemo, na mkanganyiko utaanzia hapo.

Kwa matokeo ya tendo, tunda linafaa kwa neno phala, na kuiva kwa neno vipaka. Maneno haya mawili si visawe. Phala ni kile kinachopatikana, na vipaka ni mchakato wa tendo kukomaa hadi likatoa matokeo, ambao unaweza kuchukua maisha kadhaa. Mwisho, maandiko ya Theravada, shule kongwe ya Kibuddha iliyo hai hadi leo, yako kwa Kipali, hivyo utakutana na kamma, nibbana na anatta badala ya karma, nirvana, yaani ukombozi, na anatman, yaani kutokuwepo kwa atman. Chagua lugha moja kwa kila sehemu ya insha na usichanganye katika sentensi moja.

Fundisho lenyewe lilianzia wapi?

Nyimbo za Rigveda zinawazungumzia wafu kuwa wanakwenda kwa Yama, mtawala wa wafu, na kwa mababu, lakini hazina fundisho lililokamilika la mtu kurudi na kurudi duniani kulingana na matendo yake. Fundisho hilo linajitokeza wazi katika Upanishadi za kale, na mandhari yake ya kwanza inafaa kuelezwa kwa kina.

Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka 3.2.13 Artabhaga anamhoji mwalimu Yajnavalkya. Mtu akifa, sauti yake huingia motoni, pumzi yake upeponi, jicho lake juani, akili yake mwezini, mwili wake ardhini. Basi mtu mwenyewe yuko wapi? Yajnavalkya hajibu mbele ya watu. Anamshika mkono, anamwambia jambo hili si la hadharani, na wawili hao wanajitenga kando. Maandiko yanatuambia tu kwamba walilolizungumza lilikuwa karma, na walilolisifu lilikuwa karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema na huwa mbaya kwa tendo baya. Usiri huo ni dalili kwamba wazo lilikuwa bado geni miongoni mwa makuhani.

Dalili ya namna hiyo inapatikana pia katika Upanishadi ya Chandogya 5.3 hadi 5.10. Mfalme Pravahana Jaivali anamfundisha Uddalaka Aruni, kuhani mwenye elimu, na anamwambia kwamba maarifa hayo hayajawahi kuwafikia makuhani kabla yake. Anamweleza njia mbili. Wenye maarifa hupita njia ya miungu, devayana, na hawarudi. Wanaotegemea sadaka na hisani hupita njia ya mababu, pitriyana: wanaingia moshini, wanafika mwezini, wanakaa huko hadi thawabu zao ziishe, kisha wanashuka na mvua, wanakuwa mpunga na shayiri, wanaliwa, na kutoka kwenye mbegu ya aliyewala wanazaliwa tena.

Wasomi wengi huziweka Upanishadi hizi mbili kati ya karne ya 7 na ya 6 KK, yaani kabla ya Buddha. Kwa hiyo Buddha hakuubuni mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena, unaoitwa samsara. Aliukuta ukiwa unabishaniwa na makuhani, Wajaini, Waajivika na wapenda-mwili waliosema kwamba kifo ni mwisho wa yote, akachukua nafasi yake katika ubishi huo.

Kwa mujibu wa Uhindu, ni kitu gani hasa kinachotoka mwili mmoja hadi mwingine?

Jibu rahisi ni atman, na jibu hilo halitoshi. Brihadaranyaka 4.4.3 inatoa taswira ya kiwavi ambaye, akifika kwenye ncha ya jani, hulishika jani jingine na kujivuta kuingia humo. Ndivyo nafsi inavyouacha mwili mmoja na kujivuta kwenda mwingine. Gita 2.22 inatumia nguo kuukuu zinazovuliwa ili mpya zivaliwe. Taswira zote mbili zinadai kuwe na kitu kinachobaki vilevile kabla na baada ya badiliko.

Ugumu unaanza pale atman inapoelezwa kuwa haibadiliki, haitendi na haichafuki. Kitu kisichotenda kinawezaje kubeba deni la matendo? Shule ya Vedanta, inayojengwa juu ya Upanishadi, inajibu kwa kutofautisha tabaka tatu. Kuna mwili wa nyama, sthula sharira, unaochomwa baada ya kifo. Kuna mwili mwembamba, sukshma sharira, unaobeba pumzi za uhai, nguvu za hisia, akili na alama zilizoachwa na matendo, ambazo huitwa samskara. Huu ndio unaosafiri. Na kuna atman, ambayo kwa mujibu wa Shankara, aliyeishi takriban karne ya 8, haiendi popote kwa kuwa iko kila mahali na ni moja na Brahman, uhalisia wa mwisho ulio msingi wa vyote. Kinachoitwa jiva, mtu mmojammoja anayezaliwa na kufa, ni atman ikidhaniwa kwa ujinga kuwa ni mali ya mwili huo mwembamba.

Ramanuja na Madhva, Wavedanta waliokuja baadaye, hawakukubaliana na Shankara. Kwao jiva ni halisi, si dhana ya ujinga, na inabaki kuwa yenyewe hata baada ya ukombozi. Katika insha, sentensi inayoanza na Wahindu wanaamini inapaswa kukutia shaka hadi uweze kutaja ni shule gani.

Kama Wabuddha wanakana atman, ni nani basi anayezaliwa upya?

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo wasomaji wengi wanapodhani wamewakamata Wabuddha katika ukinzani. Wabuddha wenyewe walilitambua tatizo mapema. Katika Majjhima Nikaya 38, mtawa aitwaye Sati, mwana wa mvuvi, anafundisha kwamba ufahamu huuhuu ndio unaozunguka katika samsara bila kubadilika. Buddha anamwita, anamuuliza ufahamu huo ni upi, na Sati anajibu kwamba ni ule unaonena, unaohisi na unaopata matokeo ya matendo mema na mabaya. Buddha anamkemea kwa ukali usio wa kawaida yake, kisha anaeleza kwamba ufahamu hutokea kwa kutegemea masharti: kwa jicho na maumbo hutokea ufahamu wa kuona, kwa sikio na sauti ufahamu wa kusikia. Hakuna ufahamu mmoja uliokaa nyuma ya mabadiliko hayo.

Mtu, kwa mtazamo huu, ni mafungu matano, skandha: umbo la mwili, hisia, utambuzi wa vitu, misukumo ya nia, na ufahamu. Kila fungu linatokea na kutoweka kila wakati, na kila tukio ni sharti la tukio linalofuata. Wakati wa kifo mfuatano haukatiki ikiwa bado kuna tamaa na ujinga. Tukio la mwisho la ufahamu katika maisha haya linakuwa sharti la tukio la kwanza katika maisha mengine, na tukio hilo la kwanza Watheravada huliita patisandhi, yaani ufahamu unaounganisha. Hakuna kilichovuka. Kuna mfuatano tu, ambao kwa Kisanskriti huitwa santana.

Je, aliyezaliwa ni yuleyule aliyekufa au mwingine? Katika mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 KK, jibu ni: si yuleyule, wala si mwingine. Nagasena anatoa mfano wa taa inayowaka usiku kucha. Mwali wa zamu ya kwanza ya usiku si mwali wa zamu ya mwisho, lakini hakukuwa na taa mbili.

Mfalme anabana zaidi: kama si yuleyule, je, hajaponyoka matendo yake maovu? Nagasena anamwambia afikirie mtu aliyeiba maembe. Anakamatwa, analetwa mbele ya mfalme, na anajitetea kwamba maembe aliyoyachuma si yale ambayo mwenye shamba aliyapanda. Yale yalikuwa kokwa zilizozikwa ardhini, na haya ni matunda juu ya mti. Je, aachiliwe? Mfalme anakataa, kwa sababu maembe ya sasa yamepatikana kwa kutegemea yale ya mwanzo. Vivyo hivyo, anayepata matokeo ya tendo anayapata kwa kuwa ametokea kwa kutegemea aliyelitenda.

Angalia hoja inavyofanya kazi. Wajibu hautegemei kuwepo kwa kitu kisichobadilika. Unategemea uhusiano wa sababu na matokeo. Mwizi hana haja ya kuthibitishiwa kwamba kokwa na embe ni kitu kimoja ili ahukumiwe.

Wahindu walilipinga vipi jibu hilo?

Wanafalsafa wa Nyaya, shule ya Kihindu ya mantiki, walikuwa wapinzani wakali kuliko wote. Walisema kwamba bila atman yanafuata makosa mawili ya haki, ambayo majina yake yanafaa kuingia katika insha yako. La kwanza ni kritahana, kupotea kwa kilichotendwa: aliyetenda anatoweka bila kupata tunda lake. La pili ni akritabhyagama, kujiwa na kisichotendwa: anayepata tunda hakutenda lolote. Wakaongeza hoja ya kumbukumbu, kwamba mtu hawezi kukumbuka alichokiona mwingine, hivyo lazima kuwe na mmoja aliyeona jana na anayekumbuka leo.

Wabuddha wanajibu kwamba hoja hizo zinachukulia mambo mawili tu yanawezekana, utambulisho kamili au utengano kamili, ilhali mfuatano wa sababu si lolote kati ya hayo. Buddha alikwisha kuliweka hivyo kwa Kassapa, mtawa wa uchi: kusema anayetenda ndiye apatae ni kuegemea umilele, kusema mmoja hutenda na mwingine hupata ni kuegemea uangamivu, yeye anafundisha kati ya hayo mawili, kwa njia ya kutokea kwa kutegemeana, pratityasamutpada.

Jibu hilo halikuwaridhisha Wabuddha wote. Shule ya Pudgalavada ilisisitiza kwamba kuna mtu, pudgala, ambaye si sawa na mafungu matano wala si tofauti nayo, kwa sababu bila yeye karma haina mwenyewe. Shule nyingine ziliwashutumu kuwa wameirudisha atman kwa mlango wa nyuma. Wayogachara, shule nyingine ya Kibuddha, nao walipendekeza alayavijnana, ufahamu-ghala unaohifadhi mbegu za matendo hadi ziote, lakini wakashikilia kwamba ghala lenyewe linabadilika kila wakati. Kuwepo kwa mapendekezo haya ni ushahidi kwamba Wanyaya walikuwa wamegusa penye maumivu, na insha nzuri itasema hivyo waziwazi.

Nani anayehakikisha kwamba tunda linamfikia anayestahili?

Katika Uhindu kuna majibu yanayogongana. Wamimamsa, wafasiri wa ibada za Veda, walisema tendo huzalisha nguvu isiyoonekana, apurva, inayodumu hadi tunda lipatikane. Hakuna haja ya Mungu kuingilia. Wavedanta walikataa. Brahma Sutra 3.2.38, andiko la msingi la shule yao, inasema tunda hutoka kwa Bwana, Ishvara, kwa kuwa nguvu isiyo na akili haiwezi kujua nani anastahili nini na lini.

Je, Ishvara anayewapa wengine utajiri na wengine ulemavu si mwenye upendeleo? Brahma Sutra 2.1.34 inajibu kwamba anazingatia matendo ya kila mmoja. Shankara anamfananisha na mvua: mvua ni sababu ya pamoja ya mpunga na shayiri kuota, lakini tofauti kati yao inatokana na mbegu. Na ukiuliza tofauti ya kwanza kabisa ilitoka wapi kabla ya tendo lolote kutendwa, jibu ni kwamba hakukuwa na mwanzo. Samsara ni anadi, haina chanzo.

Wabuddha hawana msambazaji wa malipo. Karma ni utaratibu wa asili, na kuuliza nani anauendesha ni sawa na kuuliza nani anaamuru mbegu ya mwarobaini itoe mti mchungu. Kuhusu mwanzo, Buddha naye anasema chanzo cha samsara hakitambulikani. Katika hatua hii pande zote mbili zinakubaliana, kwa sababu tofauti.

Je, kila linalompata mtu limetokana na karma yake?

Kwa Wabuddha, hapana, na maandiko yako wazi. Katika Samyutta Nikaya 36.21 Sivaka anamuuliza Buddha kuhusu wanaosema kwamba kila raha na kila maumivu hutokana na matendo ya zamani. Buddha anataja vyanzo vinane: nyongo, belghamu, upepo, mchanganyiko wa hayo matatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza ipasavyo, kushambuliwa, na, cha nane, kuiva kwa karma. Wanaosema yote ni karma, anasema, wanavuka mipaka ya kile kinachojulikana.

Hata pale karma inapohusika, tendo moja halitoi tokeo moja kwa watu wote. Anguttara Nikaya 3.99 inatoa mfano wa donge la chumvi: likitiwa katika kikombe cha maji, maji hayanyweki, likitupwa katika mto Ganga, hakuna atakayeonja tofauti. Kosa dogo la mtu asiyejilea kimwenendo na kiakili linaweza kumpeleka motoni, na kosa lilelile kwa mtu aliyejilea likaisha katika maisha haya bila kuonekana sana. Basi karma haipimwi kwa mizani ya jicho kwa jicho.

Upande wa Kihindu, Yoga Sutra 2.13 inataja matunda matatu ya hazina ya karma: jati, yaani aina ya uzao, ayus, urefu wa maisha, na bhoga, yale ambayo mtu atayapitia. Orodha hiyo ni pana kuliko ile aliyoikubali Buddha katika jibu lake kwa Sivaka, ingawa nayo inaacha nafasi kwa jitihada za sasa.

Mtu akishakombolewa, matendo yake ya zamani yanakwenda wapi?

Swali hili halitumiwi vya kutosha katika insha, ingawa linazilazimisha dini zote mbili kueleza kwa usahihi karma inafanyaje kazi.

Wavedanta hugawa karma katika sehemu tatu na kuzieleza kwa mfano wa mpiga mishale. Sanchita ni mishale iliyo podoni, matendo yaliyolimbikizwa ambayo bado hayajaanza kuiva. Agami ni mshale ulio mkononi, matendo yanayotendwa sasa. Prarabdha ni mshale uliokwisha kuachiliwa, sehemu iliyozalisha mwili huu. Maarifa ya Brahman yanaichoma sanchita, na Gita 4.37 inasema moto wa maarifa huyafanya matendo yote kuwa majivu. Agami nayo haimshiki tena mtu ambaye hajioni kuwa mtendaji. Lakini mshale uliofyatuka haurudishwi. Ndiyo maana mtu aliyekombolewa angali hai, jivanmukta, bado anaugua, anazeeka na anakufa.

Sasa linganisha na Angulimala katika Majjhima Nikaya 86. Huyu alikuwa muuaji katika ufalme wa Kosala, aliyevaa shada la vidole vya aliowaua. Anakutana na Buddha, anaingia utawani, na baada ya muda anakuwa arahant, yaani amemaliza safari. Asubuhi moja anaingia mjini Savatthi kuomba chakula. Mtu anarusha bonge la udongo, mwingine fimbo, mwingine kigae, na vyote vinampata. Anarudi akiwa na kichwa kilichopasuka kinachovuja damu, bakuli limevunjika na joho limechanika. Buddha anamwona kwa mbali na kumwambia avumilie, kwa maana anayapata sasa, katika maisha haya, matokeo ya matendo ambayo yangemtesa motoni kwa maelfu ya miaka.

Vipande vya udongo vinavyompata Angulimala vinafanana sana na mshale wa prarabdha, na mwanafunzi anaweza kushawishika kusema kwamba ni fundisho moja. Tazama kwa karibu. Kwa Mvedanta, maarifa yanayaangamiza matendo yaliyolimbikizwa. Kwa Mtheravada, karma ya Angulimala haikuchomwa. Imekosa mahali pa kuivia. Hakuna uzao mwingine utakaofuata, na kwa hiyo matendo yaliyohitaji maisha yajayo ili yaive yanabaki kuwa yaliyopita tu, hali ambayo wafafanuzi huiita ahosi kamma. Na anayoyatenda baada ya kuwa arahant si karma tena kwa maana kamili, kwa kuwa nia yake haina tamaa. Abhidhamma, maandiko ya uchambuzi wa mafundisho ya Kibuddha, huyaita kiriya, matendo matupu yasiyozaa.

Je, kuna kipindi kati ya kifo na kuzaliwa?

Inategemea shule. Watheravada wanasema hakuna. Ufahamu wa mwisho unafuatwa papo hapo na ufahamu unaounganisha. Wasarvastivada, shule ya kale ya Kibuddha, walikubali hali ya katikati, antarabhava, na Watibeti waliirithi kwa jina la bardo, ambayo husemwa kudumu hadi siku 49. Katika Uhindu, ibada za shraddha humsindikiza marehemu kutoka hali ya preta, mzimu usio na makao, hadi kujiunga na mababu, na mapokeo haya yanaishi sambamba na fundisho la kuzaliwa upya bila ya mtu yeyote kuyapatanisha kikamilifu.

Je, karma inahalalisha mfumo wa tabaka?

Yapo maandiko yanayosomwa hivyo. Chandogya 5.10.7 inasema wenye mwenendo mzuri wataingia katika tumbo la mwanamke wa kuhani, wa mtawala au wa mfanyabiashara, na wenye mwenendo mchafu katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la chandala, mtu aliyetengwa. Kwa msomaji wa kale aliyekuwa amezaliwa chandala, beti hiyo ilitosha kumwambia kwamba hali yake ni stahili yake.

Katika Vasettha Sutta Buddha anasema mtu hawi kuhani kwa uzao bali kwa anayoyatenda, kama vile mkulima ni mkulima kwa kazi yake. Lakini usiharakishe kuuita Ubuddha huru kabisa na tatizo hili. Katika Majjhima Nikaya 135 kijana Subha anauliza kwa nini wengine wanazaliwa katika familia duni na wengine katika familia za juu, na Buddha anajibu kwamba kiburi na kukataa kuwaheshimu wanaostahili ndiko kunakoleta uzao duni. Kilichokanushwa ni kwamba uzao hupima thamani ya mtu. Kwamba uzao una sababu katika matendo yaliyopita halikukanushwa.

Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya walioitwa wasioguswa na kuongoza uandishi wa katiba ya India, aliiona kasoro hiyo. Alipoingia Ubuddha mjini Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956 pamoja na laki kadhaa za wafuasi wake, hakulichukua fundisho la karma jinsi alivyolikuta. Katika kitabu chake kuhusu Buddha na Dhamma, kilichotoka mwaka 1957 baada ya kifo chake, anakubali karma kama utaratibu wa kimaadili ndani ya maisha na jamii, lakini anakataa kwamba umaskini wa mtoto ni matunda ya maisha yake yaliyopita, na analiita wazo hilo la Kibrahmani lisilopatana na kukana atman. Watheravada wengi wanasema amevuka mipaka ya maandiko, wakitaja mazungumzo na Subha kuwa ushahidi. Mwanafunzi anayetaka insha yenye hoja yake mwenyewe anaweza kuanza na ubishi huo: je, mfano wa maembe wa Nagasena unamlazimisha Ambedkar kukubali karma ya maisha yaliyopita, au unathibitisha tu kwamba mfuatano wa sababu unatosha, uwe ndani ya maisha mamoja au zaidi?